Barua pepe ikikushitaki akili bandia: chunga ushahidi kwanza, maneno baadaye

LUBUMBASHI – Barua ya namna hii huwa fupi. Inasema kazi yako imeonekana kuandikwa na akili bandia, note imesimamishwa, ujieleze. Mwanafunzi anaisoma kwenye simu, mara nyingi usiku, na kabla ya mapambazuko amekwisha kufanya kosa moja kati ya matatu: amejibu kwa hasira, amenyamaza, au amefungua kazi yake na kuanza kuibadilisha ili isifanane na ya mashine. Kosa la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu linaharibu kitu pekee kinachoweza kumwokoa.

Kitu hicho ni alama za kazi yenyewe. Wengi wanafikiri watashinda kwa kubishana juu ya asilimia iliyoonyeshwa na chombo cha kupima. Asilimia ina udhaifu wake, na tutauona. Lakini mwalimu hasadiki kwa sababu mwanafunzi amekana. Anasadiki anapoona namna kazi ilivyokua siku baada ya siku.

Mwezi wa 5 mwaka 2023, katika chuo cha Texas A&M University–Commerce huko Amerika, mwalimu mmoja alichukua kazi za wanafunzi wake, akazitia katika ChatGPT na kuiuliza kama ndiyo iliyoziandika. ChatGPT haina uwezo wa kujua hilo; hujibu tu. Wanafunzi wakasimamishiwa note wakati wa kumaliza masomo. Mmoja wao alisafishwa jina kwa kuonyesha tarehe na saa zilizohifadhiwa na Google Docs, zikithibitisha lini aliandika.

Basi siku ya kwanza ni ya kuchunga. Piga picha ya barua pepe yote, pamoja na tarehe na jina la aliyeituma, kisha soma imekupa siku ngapi za kujibu. Usifute chochote: simu, ujumbe wa WhatsApp, vipande vya kazi vilivyotupwa. Kama kazi iko kwenye kompyuta au fleshi, fanya kopi na uweke faili la kwanza pembeni bila kulihifadhi tena, maana kila ukihifadhi tarehe ya mwisho inabadilika. Kama uliandika katika Google Docs, fungua kwenye kompyuta `Fichier > Historique des versions > Afficher l'historique des versions`. Hapo utaona kila hatua na saa yake. Piga picha hatua kumi au zaidi, toka ukurasa mtupu mpaka mwisho. Katika Word, historia ya namna hiyo hupatikana tu kama faili lilihifadhiwa kwenye OneDrive. Bila OneDrive, utakuta tarehe ya kuumbwa kwa faili na jumla ya dakika za kuliandika, basi.

Hapa ndipo shida ya Lubumbashi inapoanza. Tuchukue mfano wa msichana aliyetoka Bukavu na familia yake, anakaa komini ya Kenya kwa mama mkubwa wake, anafuata masomo ya chuo cha ng'ambo kwa simu. Umeme unakatika. Anaandika kwa mkono ndani ya kaye, siku tano, halafu anapeleka kwa kijana wa sekretaria anayechapa kazi kando ya barabara. Faili lake linaonyesha nini? Kazi nzima imeingia jioni moja, kwa saa mbili. Kwa mwalimu aliye mbali, hiyo inafanana kabisa na mtu aliyekopi kutoka mashine.

Msichana huyo hawezi kutegemea historia ya faili. Ushahidi wake ni kaye. Apige picha kurasa zote, hasa zile zenye maneno yaliyokatwa na mishale ya kuhamisha fungu, kwa maana mtu anayenakili kazi iliyokwisha hakati maneno hivyo. Aombe kwa kijana wa sekretaria karatasi fupi yenye tarehe, ikisema alichapa kutoka maandishi ya mkono. Atafute ujumbe aliomwandikia mwenzake akiuliza juu ya swali la kazi, na vitabu alivyopakua vyenye tarehe zake. Na aeleze mwenyewe, kabla ya kuulizwa, kwa nini faili lilijaa jioni moja. Jambo la kushangaza likielezwa mapema ni maelezo. Likielezwa baada ya kugunduliwa linaonekana uongo.

Siku ya pili ni ya kujibu, kwa mistari michache yenye heshima. Sema umepokea barua, kazi ni yako, una ushahidi wa namna ulivyoiandika, na unaomba kuonana. Kisha uliza mambo manne: ni kanuni gani imevunjwa, ni mafungu gani yanayoshukiwa, chombo gani kilitumika na ripoti yake iko wapi, na ni nani atakayeamua. Usiitishe wanasheria, usitukane.

Swali la chombo lina uzito kwetu. Turnitin ilipoanza kupima akili bandia mwezi wa 4 mwaka 2023, ilipima Kiingereza peke yake. Aliyeandika kwa Kifaransa ana haki ya kuuliza kama chombo kilichomshitaki kinajua Kifaransa. Na aliyeandika kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu au ya nne, ajue kwamba mwaka huo huo watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walijaribu vyombo saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya 61% zilisemwa ni za mashine. Vyombo hivyo hupima kama neno linalofuata ni rahisi kubahatisha, na anayeandika lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida. Taja jambo hilo, lakini liwe la pili baada ya kaye.

Siku ya tatu, jitayarishe kusema. Soma kazi yako tena mpaka uweze kueleza kila fungu bila kutazama: kwa nini ulichagua mfano huu, neno hili maana yake nini. Omba mwenyewe uulizwe kwa mdomo. Kama unasoma hapa, mjulishe shefu wa promosyo na asistanti, ili usiingie ofisini peke yako.

Na kama ulitumia kweli? Aliyetafsiri kwa mashine, au aliyesahihisha sarufi tu, aseme hivyo, aonyeshe na maandishi ya kwanza. Aliyeagiza kazi nzima akubali mapema na kuomba kuiandika upya. Kaye ya kughushi ikigunduliwa, shitaka moja linakuwa mawili. Wala usipitishe kazi katika vile vyombo vinavyoahidi kuifanya ionekane ya mtu.

Waalimu nao wana deni. Asilimia ni sababu ya kumwita mwanafunzi na kumuuliza, haitoshi kumhukumu. Dakika kumi na tano za maswali mbele ya kaye zinaonyesha zaidi kuliko ripoti yoyote. Mpaka desturi hiyo ikubalike, wazazi waliopokea vijana nyumbani wasaidie kwa jambo moja dogo: kaye ikijaa, isitumiwe kuwashia makala. Iwekwe mpaka note itoke.