MASHAURI YA BIASHARA: Mali Iliyowekwa Dukani Bado Haijauzwa

Wenye maduka wengi hupokea mali ya watu wengine ili kuiuza, na fedha hulipwa baada ya mali kuuzwa. Biashara ya namna hii waliiita wazee wa pwani mali kauli, maana msingi wake ni maneno ya watu wawili. Lakini maneno yasipoandikwa huleta ugomvi, na daftari lisipoandikwa sawasawa humdanganya mwenyewe.

Jambo la kwanza kujulikana ni hili: mali kuhama mahali si kuuzwa. Mchongaji wa vinyago wa Wamunyu akipeleka twiga 40 katika duka moja la Mombasa, ili wauzwe kwa shilingi 600 kila mmoja, twiga hao ni mali yake hata wakiwa juu ya rafu ya mwingine. Mwenye duka ni wakala tu, na ujira wake ni shilingi 20 katika kila mia. Basi siku ya kupeleka, mchongaji asiandike mauzo ya shilingi 24,000. Aandike tu kwamba akiba yake imehama kutoka nyumbani mpaka Mombasa. Iwapo kila twiga alimgharimu shilingi 350, na uchukuzi wa wote ulikuwa shilingi 1,000, basi thamani ya kila mmoja dukani ni shilingi 375, kwa maana gharama ya kuifikisha mali mahali pa kuuzwa huongezwa juu ya mali yenyewe.

Mauzo huandikwa siku mteja anapomchukua twiga. Hayaandikwi siku ya kupeleka mali, wala hayangoji siku fedha zitakapomfikia mchongaji. Hapo ndipo wengi hukosea. Ikiwa mpaka tarehe 30 Juni wameuzwa twiga 25, na fedha zao zikapelekwa tarehe 7 Julai, mauzo hayo ni ya mwezi wa Juni. Mchongaji ataandika mauzo shilingi 15,000, ujira wa wakala shilingi 3,000, na deni analomdai mwenye duka shilingi 12,000. Gharama ya twiga waliouzwa ni shilingi 9,375. Kwa hiyo faida yake ni shilingi 2,625. Twiga 15 waliosalia, wenye thamani ya shilingi 5,625, watahesabiwa katika akiba yake yeye.

Mwenye duka naye asiandike shilingi 15,000 kuwa mapato yake. Pato lake ni shilingi 3,000 tu, na zile 12,000 ni deni. Akizichanganya na fedha za duka na kununulia sukari na unga, siku ya hesabu itamkuta mikono mitupu. Yafaa aweke daftari la mbali kwa mali ya watu, na kila mwezi ahesabu: waliouzwa pamoja na waliosalia lazima wafike 40. Wakiwa 38, wawili wamepotea au wameuzwa bila kuandikwa, na ni lazima jambo hilo lichunguzwe kabla halijasahauliwa.

Hatari kubwa zaidi huja duka likiwa na madeni. Dalali wa mahakama akija kukamata mali ya mdaiwa, huona rafu iliyojaa vinyago, wala hajui vya nani. Mchongaji asiye na hati huenda akashindwa kuthibitisha kwamba ni vyake. Kwa hiyo karatasi iandikwe siku ya kupokea mali, nayo itiwe sahihi na wote wawili. Iseme idadi na alama za mali, bei, ujira, siku ya kuleta fedha, na nani atakayebeba hasara mali ikiungua au ikiibiwa. Kama hilo halikusemwa, kwa kawaida hasara humwangukia mwenye mali, isipokuwa uzembe wa mwenye duka umethibitishwa.

Tena karatasi iseme wazi kwamba mwenye duka ni wakala, si mnunuzi. Kuna mapatano mengine ambayo mtu huchukua mali ili anunue mwenyewe au airudishe. Katika mapatano hayo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, husema kwamba akiiweka mali kupita siku zilizowekwa bila kutoa habari ya kuikataa, mali huwa yake na bei yake huwa juu yake, ila kama wawili hao wamepatana vingine. Mapato ya mwenye mali hapo huandikwa siku ile, hata kama hakuna mteja aliyeingia dukani.

Basi mtu akitaka kujua mali ni ya nani, asitazame rafu ilipo. Aulize: isipouzwa, ni nani atakayebaki nayo? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha ni katika daftari la nani akiba hiyo iandikwe.