Namba ya pH Iko Bombani, Sio Kwenye Chupa

Bumu likiingia tu, chupa za "maji ya alkali, pH 9" zinaanza kuonekana mabwenini. Eti yanaondoa tindikali mwilini. Jamani, hiyo hela inapotea bure, na hesabu yake ni fupi.

Nusu lita ya maji ya pH 9 ina moli 0.000005 tu za alkali. Tumboni, mililita 50 za tindikali ya pH 2 zina moli 0.0005. Yaani chupa nzima inazima asilimia 1 ya tindikali, halafu tumbo linatengeneza nyingine. Maji yenye bikaboneti nyingi yanaweza kuzima zaidi, lakini hiyo ni kazi ya chumvi iliyoyeyuka, na pH haikuambii imo kiasi gani. Hata WHO haijaweka kiwango cha pH kwa sababu ya afya. Ile 6.5 hadi 8.5 inayotajwa kila mahali inahusu zaidi mitambo na mabomba.

Na hapo bombani ndipo tungepaswa kuangalia. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Maji safi ya mvua huwa na pH ya karibu 5.6 kwa sababu yanabeba kaboni dioksaidi ya hewani, na hayana chumvi za kuyatuliza. Yakilala usiku kucha kwenye bomba la chuma lililopakwa zinki, yanaila zinki kwanza, kisha chuma chenyewe. Asubuhi unapata maji mekundu yenye ladha ya msumari. Kama kuna shaba, sinki linapata madoa ya kijani. Kinachonitisha mimi ni risasi kwenye viungio vya zamani, maana haina rangi wala ladha.

Kwenye udongo mambo huenda polepole, kwani udongo wenyewe hupinga mabadiliko. Samaki hawana bahati hiyo. Mchana wa jua kali, mwani hunyonya kaboni dioksaidi bwawani na pH inapanda. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iko katika umbo lenye sumu. Kwenye pH 9 inazidi theluthi. Uchafu ni uleule, ila samaki wanakufa.

Sisi wa ualimu tunafundishia pH kwa limau na sabuni, basi. Bomba la bweni lingefaa zaidi. Kinga maji ya kwanza ya asubuhi kwenye kikombe cheupe, acha bomba litiririke dakika chache, kinga tena. Rangi ikiwa kwenye kikombe cha kwanza peke yake, tatizo liko kwenye mabomba ya jengo. Ikiwa kwenye vyote viwili, anza kuulizia tangi au chanzo. Halafu pima pH kwa karatasi ya rangi nyingi au kipimo cha betri. Litmasi haitoshi, haiwezi kukutofautishia 5 na 6. Na risasi inapimwa maabara tu. Hiyo ndiyo gharama ambayo serikali ya wanafunzi ingeidai kwa uongozi kabla ya kuruhusu meza nyingine ya kuuza chupa.