Sitaki Kubebwa, Nataka Vipimo

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu aliagwa Mbeya. Kabla sijakata tiketi ya basi kutoka Iringa nilipiga simu ukumbini. Nikasalimia, nikasema natumia kiti mwendo, nikauliza kama panaingilika. Meneja alicheka kwa upole. "Mama, usiwe na wasiwasi. Njoo tu, vijana wapo, tutakubeba."

Nimeambiwa neno hilo mara nyingi, na bado kila anayelisema huamini ametoa jibu. Mimi niliuliza kuhusu jengo, yeye akanijibu kuhusu misuli ya vijana wake.

Nilikwenda, kwa sababu shangazi hakosi kumuaga binti. Barazani palikuwa na ngazi tatu, na kando yake mteremko wa saruji uliopakwa rangi nyekundu na kuchorwa alama ya kiti mwendo. Mpwa wangu, ambaye ni fundi ujenzi, akatoa pima maji yake yenye urefu wa mita moja. Kipimo chenyewe ni rahisi, na kila mtu anaweza kujifunza kwa dakika moja. Unagusisha ncha moja ya pima maji kwenye mteremko, upande wa juu, kisha unaiinua ncha ya chini mpaka kiputo kikae katikati. Halafu unapima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na sakafu. Ikiwa ni sentimita nane au pungufu, mtu mwenye mikono ya kawaida anaweza kujisukuma mwenyewe. Pale tulipata sentimita ishirini na tano.

Kila ngazi ilikuwa na kimo cha sentimita 17, kwa hiyo zote tatu ni 51. Ili kupanda sentimita 51 kwa usalama unahitaji mteremko wa zaidi kidogo ya mita sita. Aliyejenga ule alikuwa na mita mbili mpaka kwenye maegesho, akamwaga zege ikaishia hapo. Katika mwinuko wa namna hiyo magurudumu ya mbele hunyanyuka na kiti huangukia nyuma, na wewe kisogo chako ndicho kinachotangulia. Juu yake walikuwa wameweka vigae vinavyong'aa. Mbeya mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na vigae hivyo vikilowa hata mwenye miguu yake miwili anashika ukuta. Alama ile ya kiti mwendo ilikuwa inamwalika mtu aje aanguke.

Basi nikabebwa. Vijana wanne walikuja na kushika walipoona panashikika. Mmoja alishika egemeo la mkono, ambalo kwenye kiti changu huchomolewa, likachomoka. Hakuna aliyeniuliza washike wapi. Kitenge kilipanda, wageni waliokuwa kwenye foleni ya zawadi wakageuza nyuso kwa heshima, na hiyo heshima yao iliniumiza kuliko wangetazama. Nilipofika juu mhudumu aliinama kwa mpwa wangu akamuuliza, "Atakunywa nini?"

Sikunywa kitu. Sikuwa nimekunywa maji tangu saa nne asubuhi. Sababu ilikuwa choo, na ndicho ambacho wanaosifu kumbi hawakitaji.

Wenzangu wengi huishi hivi. Tukialikwa, tunaacha maji. Tukisafiri kwa basi kati ya Iringa na Mbeya, tunaacha maji tangu usiku uliotangulia. Anayefanya hivyo mara kwa mara huzoeana na maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo, asiyesikia maumivu, homa ndiyo inaweza kuwa dalili ya kwanza. Ndiyo maana nakasirika nikisoma mtu amesifu ukumbi kwamba "panafikika" kwa sababu tu aliona mteremko mlangoni.

Mpwa wangu alikwenda kuangalia choo. Kwanza kilifungwa, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyeondoka saa kumi. Ulipopatikana, ndani mlikuwa na kreti za soda na madeki. Zilipoondolewa akapima mlango. Fremu ilikuwa na sentimita 72, na mtu mvivu angeandika 72 akarudi kwenye pilau. Lakini mlango ulifunguka kwa ndani, ukagonga sinki kabla haujafika mwisho. Nafasi halisi ya kupita, kutoka ukingo wa mlango hadi fremu, ilikuwa 58. Kiti changu kina 63.

Sentimita tano ndizo zilizonitenga na choo siku ile. Bawaba zingehamishwa ili mlango ufunguke kwa nje mpaka ukutani, ningepita. Tena ningeweza kuufunga nikiwa ndani, na ningeanguka mwili wangu usingezuia mlango wakati watu wanakuja kunisaidia. Kazi hiyo fundi seremala anaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Najua utetezi wa wenye kumbi: wateja wa aina yako ni mmoja kwa mwaka. Ni kweli, na wataendelea kuwa mmoja, maana waliobaki walipiga simu wakaambiwa watabebwa. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hata hivyo sijawahi kuona kamati ya harusi ikiuliza mlango wa choo una upana gani kabla ya kulipia ukumbi. Hulinganisha bei, mapambo na sauti ya muziki. Ninyi wanakamati ndio mnaoshika fedha, kwa hiyo nawalaumu ninyi kabla ya meneja.

Wala sidai kila mahali pawe tambarare. Isimila, kilomita kama ishirini kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya, ina zile nguzo za udongo na mawe zilizochongwa na mmomonyoko, na kuzifikia chini bondeni ni njia ya kuteremka kwa miguu. Aniandikie mtu hivyo waziwazi, nipange siku yangu kwingine au nikubali kuishia juu. "Hapana" ya kweli hainipotezei nauli.

Na kuhusu wahudumu, nenda Neema Crafts pale Iringa, mradi ulioanza mwaka 2003. Mgahawani mhudumu ni kiziwi, na wewe unayesikia ndiye unayeandika agizo lako kwenye karatasi. Hakuna anayemuuliza mwenzako utakunywa nini. Hilo ni suala la kupanga kazi tu. Huruma haihitajiki.

Nilirudi nyumbani nikaandika yote: ngazi tatu za sentimita 17, mteremko sentimita 25 kwa mita, mlango wa choo 58, ufunguo uko kwa nani, vyuma vya kushikia hakuna, bomba la maji liko upande wa kushoto na halifikiki ukiwa umekaa. Niliweka tarehe, maana jengo hubadilika. Nikaweka upana wa kiti changu, ili mwenye kiti cha 56 ajue yeye atapita. Nikatuma nakala kwa meneja na kwa kamati.

Meneja alipiga simu baada ya wiki. Alilalamika kwamba nimemharibia jina ilhali vijana wake walinibeba bila kudai hata shilingi. Nikamwambia aangalie bawaba za mlango wa choo.

Akanyamaza kidogo. "Mama," akasema, "kwani ule mlango unafunguka kwa wapi?"