"Simu Yangu Haifanyi Kazi"

Juma lililopita shangazi yetu alitupigia kutoka Lushoto. Baada ya kuitikia shikamoo yetu alisema, "Wanangu, simu yangu haifanyi kazi." Nasi tulimsikia barabara, tena kwa simu hiyohiyo! Hivyo kilichoharibika kilikuwa kidogo kuliko alivyosema.

Wengi wetu hapo huuliza, "Umebonyeza nini?" Mtu mzima akiulizwa hivyo huona anatuhumiwa, hujibu "sijabonyeza kitu," na mazungumzo hukwama. Sisi tulimwuliza alitaka kufanya nini, na kioo kikaonyesha nini. Akasema alitaka kutuma picha kwa WhatsApp, yakatokea maandishi ya Kiingereza naye akayafunga.

Swali la pili lilikuwa la mipaka: ni WhatsApp peke yake? Hapana, hata kurasa za intaneti zilikataa kufunguka. Na simu ya mjukuu, iliyo hapohapo nyumbani kwa mtandao uleule? Hiyo ilikuwa nzima. Kifurushi cha shangazi nacho kilikuwa hakijaisha. Basi mnara hauna kosa, na programu moja haina kosa. Tatizo limo ndani ya simu yake, katika jambo linalogusa intaneti yote lakini haligusi kupiga simu.

Ndipo tukauliza lini ilifanya kazi mara ya mwisho, na tangu hapo kumetokea nini. "Ijumaa ilikuwa nzima," alisema. "Kisha umeme ukakatika, simu ikazimika siku mbili." Tukamwomba atazame tarehe kwenye kioo. Ilisoma Januari 2015.

WhatsApp na tovuti nyingi hujitambulisha kwa simu kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Simu inayodhani tuko mwaka 2015 huona cheti cha leo hakijaanza kutumika, nayo hukataa kuunganisha. Simu ya kawaida ya sauti haikagui cheti hicho, ndiyo maana tulisikilizana. Mjukuu alifungua mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, akakuta tarehe ya kujiweka yenyewe imezimwa. Alipoiwasha, kila kitu kikarudi.

Kabla ya hapo, kijana wa jirani alikwisha kumshauri aifute WhatsApp na kuiweka upya. Tarehe ingebaki palepale, na mazungumzo ambayo hayakuhifadhiwa nakala yangepotea, zikiwamo sauti za marehemu mumewe. Kwa sababu hiyo sisi huacha kufuta kuwe jambo la mwisho kabisa, tena baada ya kuhakikisha nakala ipo.

Kama tarehe ingekuwa sahihi, tungemwomba aijaribu simu yake kwa intaneti ya simu ya mjukuu. Ikikubali, tungetazama laini yake na mipangilio ya data. Ikikataa, tungeizima na kuiwasha, baada ya kumwomba mjukuu atusomee yale maandishi ya Kiingereza neno kwa neno.