Msituulize Namba Tu, Ulizeni na Rangi

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi wa ualimu ambao kesho mtakabidhiwa funguo za maabara, nina hoja moja kuhusu lile zoezi la kupima kloridi kwa mizani. Ripoti yake inasahihishwa kwa namba moja, asilimia ya kloridi, na namba hiyo ndo rahisi kuliko zote kuipika. Chumvi safi kabisa ina kloridi asilimia 60.66. Anayeijua namba hiyo anaanzia kwenye jibu na kurudi nyuma mpaka kwenye uzito. Rangi ya mashapo je, ataipikaje?

Tuchukue chumvi ya kawaida ya kununua Kariakoo. Unaisaga, unaikausha saa moja kwenye nyuzi 110, inapoa, unapima gramu 0.2500. Unaiyeyusha kwenye mililita 150 hivi za maji ya maabara yasiyo na chumvi yoyote, unatia mililita moja ya asidi kali ya nitriki ili kabonati isishuke pamoja na kloridi. Kisha unamimina nitrati ya fedha ya molari 0.1 taratibu, huku unakoroga, mpaka izidi kidogo. Kwa kipimo hiki mililita 45 zinatosha.

Bika linageuka maziwa. Ukipasha moto karibu na kuchemka, maziwa yanaganda kama mtindi na maji ya juu yanabaki meupe. Hapo unadondosha tone moja zaidi la nitrati ya fedha. Yasipochafuka, kloridi imeisha. Unaliacha gizani lipoe, unachuja, unakausha, unapima tena na tena mpaka uzito usibadilike.

Tuseme umepata gramu 0.5946 za AgCl. Wengi tumekariri kuzidisha kwa 0.2474 bila kuuliza imetoka wapi. Si uchawi: moli moja ya AgCl ni gramu 143.32, na ndani yake kloridi ni gramu 35.45. Gawanya, ndo hiyo 0.2474. Kwa hiyo mashapo yetu yana kloridi gramu 0.1471, na ukigawanya kwa 0.2500 unapata asilimia 58.8.

Lakini hesabu hiyo inaamini kwamba kilichomo kwenye kikombe ni AgCl tupu. Na AgCl haipendi mwanga. Ukiiweka kando ya dirisha la Dar saa sita mchana, inaanza kuwa zambarau: fedha inabaki kama chembe ndogo sana, klorini inajitenga. Swali la mtihani lingekuwa hili: je, jibu litapanda au litashuka?

Inategemea jua limeikuta wapi. Ikiwa mashapo yameshachujwa na kuoshwa, klorini inaruka hewani na uzito unapungua. Miligramu 10 zikiharibika hivyo, unapoteza miligramu 2.5, na asilimia yako inashuka kwa robo hivi. Ikiwa bado yamo ndani ya bika lenye nitrati ya fedha iliyozidi, mambo yanageuka. Klorini inaingia kwenye maji, sehemu kubwa inarudi kuwa kloridi na kukamata fedha nyingine, hivyo AgCl mpya inashuka, na zile chembe za fedha bado zimo. Uzito unapanda. Jua lile lile, makosa mawili yanayovutana, na yakikutana kwenye kazi moja yanaweza kutoa namba nzuri tu. Mizani haitakwambia. Rangi itakwambia.

Kuosha nako kuna mtego wake. Ukiosha kwa maji matupu, yanaondoa chumvichumvi zilizoshikilia ule mgando, chembe zinaachana na kupita kwenye chujio. Dalili yake ni maji ya chini kuwa na ukungu. Ndiyo maana tunaosha kwa asidi hafifu ya nitriki, ambayo baadaye inaondoka kwenye oveni bila kuacha uzito.

Halafu kuna wale wanaoandika kwamba "sampuli ina chumvi asilimia 97" kwa kugawa 58.8 kwa 60.66. Jamani, fedha haiulizi kloridi ilikuja na nani. Chumvi ya bahari ina magnesi pia, na bromidi kidogo ambayo inashuka pamoja na kuhesabiwa kama kloridi. Ulichopima ni kloridi, ishia hapo.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa, nusu ya alama zitoe kwa mambo matatu: rangi ya mashapo saa ya kuchuja, rangi yake baada ya kukaushwa, na hali ya maji ya kuoshea. Na sampuli isiwe chumvi safi ya chupa yenye jibu kwenye kibandiko. Mpe mwanafunzi ya sokoni. Pale Kivukoni, kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayotazamana na bahari, sampuli haiji na jibu lake.