Mpige au Mpigie?

Leo tuongelee irabu moja. "Mpige" ni kumtwanga mtu. "Mpigie" ni kumpigia simu. Sisi tuliokulia huku Uingereza tunazichanganya hizo mbili na nyumbani wanatucheka tu, yanaisha. Mahakamani hayaishi hivyo.

Kazi yangu ni ukalimani. Wakili mmoja alinipa video ya kamera ya kengele ya mlango: sekunde 19, usiku, vijana watatu wanabishana kwa Kiswahili. Mmoja anaanguka, mkono ukavunjika. Mwenzake alishtakiwa kwa kumsukuma, na wa tatu kwa kumchochea, kwa sababu ya neno moja lililosikika kwenye sekunde ya 11. Niliombwa niandike maelezo ya shahidi: nini kinasikika, nini kinaonekana. Kesi imeshaisha, ndiyo maana naweza kuisimulia bila majina.

Nilianza na sauti peke yake, kioo cha kompyuta nimekifunika kwa karatasi. Jicho lina tabia ya kuliambia sikio cha kusikia: ukishamwona mtu anaanguka, "mpige" inajileta yenyewe. Ila wakili alikuwa ameshaniambia shtaka ni nini, na hilo nalo nililiandika kwenye maelezo, ili msomaji ajue nilikaa kusikiliza nikiwa tayari na wazo kichwani.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo "mpige" inakaza PI, na "mpigie" inakaza GI. Jaribu kuzisema kwa sauti, utasikia. Shida ni kwamba basi lilifunga breki palepale na mwisho wa neno ukamezwa. Mara ya kwanza nilisikia "mpige". Mara ya sita nikasikia "mpigie". Kufika mara ya ishirini nilikuwa nasikia lolote nililolifikiria kabla ya kubonyeza. Hapo nikaacha, maana marudio yalikuwa hayaniongezei kitu tena. Nikaandika hivi:

"Sekunde ya 11, sauti ya kiume ya mtu asiyeonekana inasema 'mpig–', na sehemu iliyobaki haisikiki. Neno linaweza kuwa 'mpige' au 'mpigie'. Siwezi kuchagua kwa kusikiliza rekodi hii."

Kisha nikaondoa karatasi. Ukiniuliza haraka nimeona nini, ningesema: alimsukuma. Sasa tukague. Sekunde ya 12, mkono wa kulia wa mwenye koti jeusi unanyooka kuelekea kifua cha mwenzake. Mwenye kofia anarudi nyuma hatua moja, anaanguka. Hayo yanaonekana. Kiganja kugusa kifua hakuonekani, kwa sababu begi la mwenye kofia limeziba. Kamera ile ilipiga picha 15 kwa sekunde, na gizani mkono unaokwenda kasi unabaki ukungu tu. Neno "alimsukuma" limebeba mambo matatu: aligusa, alitumia nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iliyomwangusha. Hakuna hata moja lililo kwenye picha. Yote tunayajaza sisi.

Nilipunguza mwendo pia, ila kwa kuhesabu hatua na kutazama miguu tu. Mwaka 2016 Eugene Caruso na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wakitazama tukio kwa mwendo wa polepole wanaona mtendaji alikusudia zaidi kuliko wakilitazama kwa mwendo wa kawaida. Polepole inampa mtu muda wa kufikiri ambao hakuwa nao. Kwa hiyo niliandika nilitazama mara ngapi, na ngapi kati ya hizo zilikuwa za polepole.

Mama wa mwenye koti alinikuta nje ya ofisi ya wakili. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Si uandike tu kwamba hakumgusa?"

"Mama, sikuona akigusa, na nimeandika hivyo. Siwezi kuandika kwamba hakugusa. Hilo nalo sikuliona."

Hakufurahi. Lakini kwenye maelezo ya shahidi hapa kuna tamko unalotia saini: kwamba ni kweli kwa kadiri unavyojua na kuamini, na unaweza kushtakiwa ukiandika kwa makusudi jambo unalojua ni uongo. Tamko hilo halibadiliki kwa sababu mama wa mtu analia.

Wakili alipouliza kama hiyo "mpig–" haina faida basi, nilimwambia inayo. Kama ilikuwa "mpigie", kulikuwa na mtu wa kupigiwa, na simu huweka kumbukumbu ya saa. Hilo si la kuandika mimi, kwa sababu halimo kwenye zile sekunde 19. Ni la kutafutwa na mwenye kazi hiyo, na yeye alikwenda kulitafuta.