Mistari ya joto iliyokatika katika kioo cha nyuma

Alitujia juma lililopita mama mmoja wa Ujiji, mtu mzima mwenye wajukuu watano, akiwa na malalamiko juu ya gari lake. Kila asubuhi huwapakia wajukuu hao nyuma ya gari na kuwapeleka skuli, na kila asubuhi hana budi kurudi kinyumenyume kutoka uani hadi kwenye kichochoro ambacho watoto wa jirani hupita na ndoo za maji. Msimu wa mvua ulipoanza, kioo cha nyuma kikawa kinafunga ukungu kama kilichopakwa chokaa. Alibonyeza kitufe cha kukipasha joto, taa yake ikawaka, na ukungu ukabaki pale pale katikati ya kioo, mahali hasa anapotazama. Siku ya tatu alisikia ukelele, akakanyaga breki. Mtoto alikuwa amekwisha kuitupa ndoo na kukimbilia ukutani. Hakuumia. Mama yule alituambia kwamba tangu siku hiyo huteremka garini na kuzunguka nyuma kabla ya kuliondoa, na magoti yake hayaipendi kazi hiyo.

Ukungu huo si maji ya mvua yaliyopenya. Hewa ya mwambao wa Tanganyika ina unyevu mwingi, na watu sita waliolowa wakifungiwa ndani ya gari huiongezea unyevu kwa pumzi zao na nguo zao. Mvua ikipoza kioo kutoka nje, unyevu ule hugandama upande wa ndani. Anayepanda barabara ya Manyovu alfajiri, ambako baridi ni kali zaidi kuliko mjini, huyaona hayo hata akiwa peke yake garini. Kioo cha mbele hupulizwa hewa kutoka kwenye dashibodi, lakini cha nyuma kiko mbali na hewa hiyo. Ndiyo maana watengenezaji walikichapa mistari ya joto.

Mistari hiyo myembamba ya rangi ya kahawia, ambayo wengi wetu huidhani kuwa ni urembo, ni unga wa madini ya fedha uliochapwa juu ya uso wa ndani wa kioo na kuchomwa mpaka ukashika. Kila upande wa kioo kuna utepe mpana uliosimama wima. Mmoja hupokea umeme wa betri, na wa pili huurudisha kwenye bodi ya gari. Mistari yote imelazwa baina ya tepe hizo mbili kama vidaraka vya ngazi, kila mmoja ukipitisha umeme wake peke yake. Kwa hiyo mstari mmoja ukikatika, wenzake huendelea na kazi, lakini wenyewe hufa wote kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama mkato ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi. Ikiwa hakuna mstari hata mmoja unaopata joto, usiishike rangi. Tatizo karibu kila mara liko kwenye fyuzi, kwenye rilei, kwenye kiungo cha waya kilichobanduka kioo, au kwenye nyaya zinazopita ndani ya mpira karibu na bawaba za mlango wa nyuma, ambazo huchoka na kukatika kwa sababu ya kufunguliwa na kufungwa kila siku. Lakini ikiwa ukungu unafunguka kwa vipande, juu na chini, na katikati unabaki mkanda mweupe, basi mistari ya mkanda huo ndiyo iliyokatika.

Gari la mama yule lilikuwa la namna ya pili. Tulipomuuliza kama kioo kimewahi kuguswa, alikumbuka kwamba miezi michache nyuma alimpa kijana mmoja kazi ya kubandua tinti iliyochakaa. Kijana alitumia wembe, naye alikuwa na haraka. Jambo hili tunaliona mara nyingi kuliko jingine lolote: tinti na vibandiko hubandikwa juu ya mistari, na wembe unaovibandua hupita na mistari yenyewe. Wengine huharibu kwa kupakia magunia na madumu yanayosugua kioo safari nzima. Hata kitambaa kigumu chenye mchanga, kikisuguliwa juu kwa chini badala ya kufuata urefu wa mistari, hufanya kazi ya wembe polepole.

Mkato wenyewe ni mgumu kuonekana kwa macho. Fundi tunayemwamini alikuja na mita ya kupimia umeme, akazungushia karatasi laini ya aluminiamu kwenye ncha ya waya mwekundu ili isikwangue mistari. Gari likiwa linanguruma na kitufe kimebonyezwa, aliweka waya mweusi kwenye utepe unaorudisha umeme, kisha akauburuza ule mwekundu taratibu juu ya mstari mzima ulio salama. Karibu na utepe wa umeme mita ilisoma volti 13, katikati ya kioo 6 na nusu, na mwisho karibu na sifuri. Hivyo ndivyo mstari mzima unavyosema: umeme unapungua kidogo kidogo kwa mwendo mmoja. Alipofika kwenye mstari wa tano, mita ilisoma 13, ikaendelea kusoma 13 hadi karibu na katikati, kisha ghafla ikaanguka hadi sifuri. Mahali ilipoanguka ndipo palipokatika. Alipatia alama kwa nje ya kioo kwa kalamu ya wino, akaendelea.

Kioo kile kilikuwa na mistari 12. Mstari wa tano, wa sita na wa saba ilikatwa kwa mkwaruzo mmoja ulioteremka wima. Wa tisa ulikuwa na mkato wake. Na wa kwanza, juu kabisa, gundi ya tinti ilikuwa imeung'oa kwa urefu wa kidole kizima.

Rangi ya kuunganishia huuzwa katika vichupa vidogo. Chetu tulikiagiza kutoka maduka ya vipuri ya Kariakoo, Dar es Salaam. Si rangi ya kawaida iliyofananishwa kwa macho, bali ni unga wa fedha au shaba uliochanganywa na gundi inayokauka haraka. Unga huo ni mzito na hutuama chini. Asiyekitikisa kichupa kwa dakika kadhaa atapaka gundi tupu, ikauke vizuri, ing'ae, na umeme usipite hata kidogo. Kijana aliyekuwa akitazama alipendekeza unga wa penseli. Fundi alicheka, akamweleza kwamba mstari mzima wa kioo kile, wenye urefu wa sentimita 130, unauzuia umeme kwa kiasi cha omu 13 tu, na kiraka cha penseli peke yake kitauzuia mara nyingi zaidi ya hapo.

Kitufe kilizimwa. Fundi alisubiri jua lipande na kioo kikauke kabisa, maana asubuhi za Ujiji huacha unyevu usioonekana na rangi hubanduka juu yake. Alipangusa kila mkato kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Gundi ya tinti ikibaki, rangi haishiki. Kisha alibandika vipande viwili vya utepe wa karatasi, kimoja juu ya mstari na kingine chini yake, akiacha nafasi yenye upana ule ule wa mstari, kiasi cha milimita moja. Alipaka kwa kijiti chembamba, akivuka mkato na kupanda juu ya mstari mzima kwa milimita tano kila upande. Koti la kwanza alilipaka jembamba, akaliacha likauke, akapaka la pili, kisha la tatu. Koti moja nene halifai, kwa kuwa hukauka juu na kubaki bichi ndani. Rangi ilipokuwa imeshika lakini haijawa ngumu, alibandua utepe taratibu, kwa sababu ukisubiri ikakamaa huondoka pamoja na utepe.

Baada ya hapo ilibidi kusubiri siku nzima, saa 24, bila ya kubonyeza kitufe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Umeme ukipita ndani ya rangi mbichi, hutokota, hufanya vipovu, na kiraka huungua siku ile ile.

Kesho yake mistari wa tano, wa sita na wa saba ilipata joto. Wa tisa ulibaki baridi. Mama alisikitika, akasema, "Mwanangu, rangi yako imekataa." Fundi akachukua tena mita. Safari hii mstari wa tisa ulisoma 13 hadi ng'ambo ya kiraka, ukaendelea hivyo kwa kiasi cha shibiri, ndipo ukaanguka. Ulikuwa na mikato miwili tangu mwanzo, na wa pili hauwezi kujulikana mpaka wa kwanza uzibwe, kwa kuwa kipande kilicho baina yao hakipati umeme wowote. Kazi ikarudiwa pale, na siku nyingine ikasubiriwa.

Mwishowe alikipima kila kiraka kwa kuweka ncha moja ya mita upande huu na nyingine upande ule. Kwa kioo hiki kila sentimita ya mstari hutumia sehemu moja ya kumi ya volti. Kiraka cha sentimita moja kikisoma hivyo au mara mbili yake, ni kizuri. Kikisoma volti nzima, maana yake rangi ni nyembamba mno, joto lote litakusanyika hapo, na hakitamaliza msimu. Kimoja kilisoma sehemu nane za kumi. Alikiongeza koti jingine.

Mstari wa kwanza hakuugusa. Rangi hii ni ya kuziba ufa. Pengo linapozidi sentimita mbili au tatu, kiraka huwa kirefu na dhaifu, na huungua. Vivyo hivyo kiungo cha waya kilichobanduka kwenye utepe hakishikiki kwa rangi, kinataka kulehemiwa kwa risasi na fundi mwenye mkono mwepesi, maana joto likizidi kioo hupasuka. Kioo kipya kingemaliza yote, lakini kingesafirishwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa ajili ya mstari mmoja ambao mama haangalii kupitia kwake.

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia Jumatatu. Mama aliwasha gari, akabonyeza kitufe, akawapanga wajukuu. Baada ya dakika chache kioo kilifunguka kutoka chini hadi karibu na juu, akakiona kichochoro chote na ndoo mbili za manjano zikipita. Juu kabisa umebaki mkanda wa ukungu wenye upana wa vidole viwili.